Kutoa Matone ya Rangi Kwenye Marumaru Baada ya Chumba Kupakwa Upya

Matone ya rangi yanayobaki sakafuni baada ya fundi kuondoka karibu yote hutoka kwa maji ya moto, subira na wembe mpya. Sakafu nyingi ninazoziona Arusha na Moshi haziharibiwi na rangi yenyewe, zinaharibiwa na haraka ya kuitoa. Mtu anasugua kwa stili wuli, rangi inatoka pamoja na mng'aro wa marumaru. Mwingine anamwaga tindikali, na simenti ya kwenye mistari inaliwa kabla rangi haijaguswa. Mng'aro ukishakwaruzika haurudi, na mstari ulioliwa ni kazi ya kujaza upya.

Nitaeleza kazi hii kwa kufuata sebule moja ya Sakina, Arusha, kwa sababu ilikuwa na karibu kila aina ya tone unaloweza kukutana nalo. Chumba kilikuwa cha futi 12 kwa 14, marumaru za kung'aa rangi ya maziwa, sentimita 40 kwa 40, mistari ya kijivu. Dari lilipakwa rangi nyeupe ya maji isiyong'aa. Kuta zilipakwa rangi ya maji ya silki, krimu. Fremu ya mlango ilipakwa rangi ya mafuta ya kahawia. Fundi alikuwa ametandika maboksi katikati tu, kingo akaziacha wazi. Mama mwenye nyumba aliita mtu wa usafi wiki kama tatu baadaye, wakati kila kitu kimeshakauka vizuri.

Tone limeshika wapi

Marumaru ya kawaida ya sakafuni ni udongo uliochomwa, na juu yake kuna tabaka jembamba la kioo lililoyeyushwa kwenye tanuri hiyo hiyo. Rangi haiwezi kuzama ndani ya kioo. Inakaa juu, imeshikwa na gundi iliyomo ndani ya rangi yenyewe. Ndiyo maana tone la wiki tatu, hata la miezi, linaweza kubanduka zima bila kuacha alama: ukifanikiwa kupenyeza maji chini ya ukingo wake, umelimaliza.

Kwenye mistari mambo ni tofauti. Grauti ni simenti, na simenti ina vitundu vidogo. Rangi iliyodondokea hapo iliingia ikiwa bado maji, ikakaukia ndani. Kwa hiyo marumaru na mistari yake ni kazi mbili zenye njia mbili, na ukizichanganya unaharibu kimoja ukitafuta kusafisha kingine.

Kama huna hakika marumaru zako zina tabaka la kioo, tafuta kipande kilichobaki wakati wa ujenzi, au kagua penye kona iliyovunjika. Ukiona mwili wa rangi moja, mara nyingi mwekundu au wa kahawia hafifu, na ngozi nyembamba ya rangi nyingine juu, ni marumaru ya kioo. Kama rangi ni moja kutoka juu mpaka chini, una aina ngumu zaidi inayochomwa kwa joto kubwa, na baadhi ya hizo zina vitundu vidogo sana juu vinavyoweza kushika rangi. Tone la maji nalo linasaidia: liache dakika kumi, lifute, na kama mahali pale pamekuwa peusi kidogo, basi sakafu yako inakunywa. Hapo utatumia njia ya mwisho wa mwongozo huu, siyo wembe.

Isome sakafu kabla ya kuigusa

Tembea chumba kizima mchana, dirisha likiwa mbele yako, ili mwanga upite juu ya sakafu kwa ulalo. Matone yatainuka machoni mwako kila moja na kivuli chake. Usianze kukwangua. Kwanza jua kila tone limetoka wapi.

Kwenye sebule ya Sakina, katikati ya chumba na kuzunguka maboksi palikuwa na vitone vidogo kama punje za chumvi, vyeupe, mamia kwa mamia. Hivyo vinatoka kwenye rola iliyozungushwa darini kwa kasi. Kando ya kuta, upana wa kama futi mbili, palikuwa na matone makubwa ya krimu, mengine yameburutwa na kiatu. Chini ya mlango palikuwa na matone machache ya kahawia, mazito, yanayong'aa. Mahali tone lilipo pekee pameshakuambia mengi: la dari ni rangi ya maji isiyong'aa, la ukutani ni silki, la mlangoni ni mafuta.

Ukitaka uhakika, chovya pamba kwenye spiriti ya dukani na sugua tone moja kwa muda mfupi. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba. Rangi ya mafuta itabaki ilivyo, pamba ikitoka safi. Jaribio hili ni la kuaminika, na linakuokoa usinunue thina isiyohitajika.

Kuna tone la tatu linalowadanganya watu: jeupe, gumu, halina mng'aro, na ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Hilo siyo rangi, ni puti au simenti nyeupe ya kulainishia ukuta. Nalo linaanza kwa maji na wembe kama mengine, ila halibanduki kama ngozi, linavunjika vipande.

Mchanga kwanza

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayokwaruza sakafu kuliko wembe. Mchanga una chembe ngumu kuliko kioo cha marumaru. Wembe wa chuma ukiwa safi na sakafu ikiwa imelowa hautachora marumaru yenye kung'aa, lakini punje moja ya mchanga ikinaswa chini ya wembe itachora mstari mrefu ambao hauwezi kufutwa. Miji yetu ina vumbi, na kiangazi linaingia hata madirisha yakifungwa.

Fagia kwa ufagio laini, kutoka kingo kuelekea mlangoni. Kama fundi alipiga msasa ukutani, kutakuwa na unga mweupe wa puti pia. Fagia taratibu usiurushe kwenye ukuta mpya. Kisha pitisha dekio lenye maji matupu mara moja, lililokamuliwa vizuri. Hapa hutoi rangi, unaondoa mchanga. Badilisha maji mara yanapokuwa ya kijivu.

Kulowesha

Vifaa vya kazi nzima ni vichache: ndoo mbili, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matambara matano au sita ya pamba (fulana kuukuu ndiyo bora), mfuko mkubwa wa nailoni uliopasuliwa, kadi ya plastiki isiyotumika tena, skrepa ya kushikia wembe, pakiti ya nyembe mpya, mswaki mkuukuu, na glavu. Spiriti na thina kaa nazo mbali mpaka utakapozihitaji.

Weka lita tano za maji kwenye ndoo, ya moto kiasi mkono unavyoweza kuvumilia, na kijiko kimoja kikubwa cha sabuni. Sabuni siyo ya kuyeyusha rangi. Kazi yake ni kuyafanya maji yatambae na kupenya chini ya ukingo wa tone, badala ya kukaa juu yake kama shanga. Kuzidisha sabuni hakuongezi nguvu, kunakuachia utelezi wa kusuuza mara nyingi.

Gawa sakafu kwa macho. Marumaru tatu kwa tatu, yaani kama mita moja na robo kila upande, ni eneo la kutosha mtu mmoja. Chovya matambara, yakamue nusu tu, yatandaze juu ya eneo hilo, halafu funika kwa nailoni. Acha dakika 15 hadi 20. Nailoni inazuia maji yasikauke na kuhifadhi joto. Tofauti ya miji yetu inaonekana hapa: Moshi iko chini kuliko Arusha kwa takriban mita 500, na mwezi wa Januari au Februari tambara lisilofunikwa hukauka kabla rangi haijalainika. Arusha mwezi wa Juni na Julai shida ni nyingine, sakafu yenyewe ni ya baridi na maji yanapoa upesi. Hapo rudia maji ya moto mara ya pili badala ya kuongeza nguvu ya mkono.

Baridi hiyo ina jambo jingine. Rangi ya maji inapokauka, maji yanaondoka, kisha chembe zake za plastiki zinaungana kuwa utando mmoja. Muungano huo unaendelea kwa wiki kadhaa, na kwenye baridi unakwenda polepole zaidi. Kwa hiyo tone la silki la wiki tatu la Juni, Arusha, bado lina ulaini fulani ndani yake. Ukilisubiri miezi sita utalitoa pia, lakini kwa jasho.

Jambo moja la kuangalia sana: usisogeze tambara lililolowa karibu na ukuta. Ukuta nao umepakwa rangi ile ile, na maji ya moto yanayolainisha tone sakafuni yatalainisha ukuta pia. Acha nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani, na hapo pembeni tumia tambara dogo lililokunjwa, tone moja moja.

Kukwangua

Funua nailoni, ondoa tambara moja tu, mengine yaache yafanye kazi yake. Anza na kadi ya plastiki. Isukume chini ya tone kutoka pembeni. Matone ya silki mengi yatabanduka hapo hapo yakiwa mazima, laini kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Rangi ya silki ina gundi nyingi, ndiyo maana inatoka kipande kimoja. Rangi ya dari isiyong'aa ina gundi kidogo na unga mwingi, kwa hiyo yenyewe haibanduki, inayeyuka na kuwa maji meupe. Yafute mara moja kwa tambara safi, usiyaache yakakaukia.

Yaliyogoma ndiyo ya wembe. Weka wembe mpya kwenye skrepa, hakikisha eneo bado limelowa, lalisha wembe uwe karibu kugusa sakafu, kama nyuzi 30 hivi, na usukume mbele kwa mwendo mfupi. Sukuma tu, usivute nyuma. Ukivuta nyuma unaburuta mabaki na mchanga chini ya wembe. Baada ya kila misukumo michache, futa wembe kwa tambara. Pembe za wembe zisiguse sakafu zenyewe, kwa sababu kona ndiyo inayochora. Shika upana wote ukae sawasawa. Ukisikia mlio wa kukwaruza au ukahisi mkono unaruka, acha. Kuna mchanga, au wembe umepata pengo. Futa sakafu, geuza au badilisha wembe. Wembe ni wa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii, usiubanie.

Usifanye kazi hii kwa wembe ulioshikwa kwa vidole vitupu. Sakafu ina sabuni, vidole vinateleza. Skrepa ndogo ya kukwangulia vioo inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nyembe zilizokwisha zitie kwenye chupa ya plastiki, ufunge kifuniko kabla ya kutupa, maana mfuko wa taka unabebwa na mtu.

Kwa vitone vya rola, vile vya mamia, usihangaike na kimoja kimoja. Baada ya kulowesha, pitisha skrepa pana ya bapa, iliyolowa, marumaru nzima kwa mistari sambamba, nusu ya njia ikipanda juu ya njia iliyotangulia. Kisha pitisha kiganja juu ya marumaru. Mkono unahisi kile jicho halioni. Panapokwama, hapo kuna kitone. Pale Sakina eneo la katikati lilikwenda haraka kuliko kingo, ingawa mwanzoni lilionekana ndilo la kutisha.

Baada ya kukwangua unaweza kuona mistari ya kijivu na kudhani umekwaruza marumaru. Pitisha ukucha juu yake. Kama ukucha haukwami, huo ni unga wa chuma ulioachwa na wembe, na unatoka kwa sabuni ya unga ya kusugulia sufuria kidogo kwenye tambara lililolowa, ukisugua kwa wepesi. Kama ukucha unakwama, ni mkwaruzo. Acha wembe, tafuta mchanga ulipo.

Utando hafifu wa rangi ya maji unaobaki baada ya wembe, kama kivuli, unafutwa kwa spiriti. Lowesha pamba, sugua kwa mzunguko mdogo, na fuata hapo hapo na tambara lenye maji. Madirisha yawe wazi.

Matone ya mafuta mlangoni

Fundi mmoja aliyekuwa akimalizia kazi ya baraza nyumba ile ile alisema, "Mama, mwaga thina yote, dakika tano imetoka." Nilimwelewa, thina inafanya kazi kweli. Lakini thina iliyomwagwa haichagui. Inachukua rangi ya kahawia, inaifanya maji, na kuipeleka kwenye mistari ya kijivu, ambako itazama. Unapata doa kubwa kuliko matone uliyoanza nayo. Ikifika kwenye fremu au ukutani, inakula na rangi mpya.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Inakauka kwa kuvuta hewa na kugeuka kuwa kitu kingine kigumu. Ndani ya siku ya kwanza, tapentaini au mafuta ya taa kwenye tambara yanaitoa, na mafuta ya taa yakitumika lazima sakafu ioshwe kwa sabuni baadaye kwa sababu ya utelezi. Ikishapita wiki tatu, tapentaini inateleza juu yake bila kufanya kitu. Maji ya moto nayo hayaisaidii sana, ila yanafanya wembe uende laini.

Kwa hiyo anza na wembe, sakafu ikiwa na maji ya sabuni. Tone zito la mafuta lililokaukia juu ya kioo mara nyingi linakatika na kuruka likiwa zima ukilipata kutoka ukingoni. Chini yake itabaki pete nyembamba ya kahawia, na hiyo ndiyo inayohitaji thina, kidogo mno.

Kausha marumaru. Kisha lowesha kwa maji mistari iliyo jirani, maji yajae kwenye vitundu vya grauti ili rangi iliyoyeyuka isipate pa kuingia. Chukua pamba ukubwa wa ukucha wa gumba, idondoshee thina, iweke juu ya alama, na ifunike kwa kizibo cha soda isikauke. Subiri dakika mbili au tatu. Inua, futa ukitokea nje kuelekea katikati ya doa, kwa upande safi wa tambara kila mara. Rudia kama kuna kivuli. Maliza kwa maji ya sabuni.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango. Jiko la gesi lililowekwa chini jikoni, au jiko la mkaa kibarazani, linaweza kuuwasha mvuke huo ukiwa wewe uko chumba kingine kabisa. Zima kila moto ndani ya nyumba, fungua madirisha na milango, watoto watoke, na matambara yenye thina yatandaze nje yakauke, usiyarundike kwenye ndoo. Petroli usiitumie kabisa, hata kama iko karibu na ni kidogo.

Mistari

Grauti ifanye mwisho, marumaru zikishakuwa safi. Tia maji ya sabuni ya moto kwenye mstari, weka kipande cha tambara lililolowa juu yake, subiri dakika 20, halafu sugua kwa mswaki mkuukuu kufuata mstari. Brashi ya waya usiiguse. Povu jeupe linalotoka lifute mara moja, kwa sababu ukiliacha linarudi kwenye vitundu. Rangi ya dari kwa kiasi kikubwa itatoka hapo. Silki itahitaji spiriti: dondosha kidogo, sugua mara chache, futa, rudia. Ni afadhali mara nne za kidogo kuliko mara moja ya kumimina.

Hapa ndipo watu huchukua tindikali, au jiki. Jiki haitoi rangi ya ukutani. Inachujua tu rangi ya grauti na kukuachia madoadoa. Tindikali unayoiona ikitoa povu kwenye mistari haipambani na rangi, ile ni simenti yenyewe inaliwa. Mstari unakuwa na mashimo, maji ya kudeki yanapenya chini, na mvuke wake unashikisha kutu bawaba na nondo za dirisha. Na hatari kubwa kuliko zote ni kuzichanganya. Jiki ikikutana na tindikali, au hata siki, inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ikikutana na spiriti nayo inazaa sumu. Kama mtu ameshapitisha jiki sakafuni kabla yako, suuza kwa maji mengi kwanza, uache pakauke, ndipo ufungue chupa nyingine yoyote.

Kwenye sebule ile kulibaki madoa matatu ya krimu yaliyogoma kwenye mstari wa karibu na dirisha. Hayo yalitolewa kwa msasa laini, namba 120, uliokunjwa uwe mwembamba kuliko mstari. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili kabla ya kusugua, kwa kuwa msasa ni mgumu kuliko kioo cha marumaru na ukiteleza mara moja tu utaacha alama. Mistari ikishasuguliwa inakuwa hafifu kidogo kwa rangi pale uliposugua. Ikishakanyagwa na kudekiwa wiki kadhaa inalingana.

Doa la kahawia lililo chini ya mlango halikukubali. Lilikuwa limezama. Hapo ukweli ni kwamba kusafisha kumefika mwisho na kinachobaki ni kujaza upya. Kwa bisibisi kuukuu bapa, isiyo pana kuliko mstari, kwaruza grauti kwenda chini milimita mbili au tatu. Usikwaruze palipo na doa tu. Kwaruza urefu wote wa upande huo wa marumaru, kutoka njia panda moja ya mistari mpaka nyingine, maana grauti mpya haifanani kabisa na ya zamani, na kiraka katikati ya mstari kitaonekana kuliko doa lililokuwepo. Ondoa vumbi, nyunyizia maji kidogo, jaza grauti ya kijivu iliyokorogwa nzito, ikandamize kwa kidole chenye glavu, na baada ya kama nusu saa futa mabaki kwenye marumaru kwa sponji iliyokamuliwa sana. Siku ile na ya kesho yake usideki hapo.

Ukungu mweupe

Mama aliporudi jioni sakafu ikiwa imekauka, aliona ukungu juu ya marumaru zote na kusema, "Jamani, mbona imekuwa kama ina majivu?" Hili hutokea karibu kila mara. Ni unga wa puti na rangi ya dari iliyoyeyuka, ambao dekio limeutandaza badala ya kuuondoa. Sabuni zaidi itazidisha.

Tumia ndoo mbili. Ya kwanza ina maji safi yasiyo na sabuni, ya pili ni ya kukamulia. Chovya dekio kwenye maji safi, futa marumaru chache, kamulia kwenye ndoo ya pili, suuza, endelea. Maji ya ndoo ya kwanza yakianza kuwa na rangi ya maziwa, yamwage, hata kama unayabania kwa sababu bomba halijatoka tangu asubuhi. Maji ya ndoo ya pili yanafaa kumwagia uani, ila siyo kwenye mboga. Baada ya kupita mara ya pili, kausha kwa tambara kavu kabla sakafu haijakauka yenyewe. Tambara ndilo linalochukua unga wa mwisho. Pale ilitosha kupita mara tatu.

Marumaru ambazo wembe hauzifai

Za bafuni na barazani zenye mikwaruzo ya kuzuia kuteleza, na zile zisizo na kioo juu, zina vilima na mabonde. Wembe utakata vilima na kuacha rangi mabondeni, na utaacha weusi wa chuma. Lowesha muda mrefu zaidi, nusu saa hata zaidi chini ya nailoni, kisha sugua kwa brashi ya nailoni yenye nywele ngumu. Palipobaki, dondosha spiriti na uchokonoe kwa kijiti cha mianzi kilichochongwa. Kwa zile zinazokunywa maji, jaribu kila dawa kwanza kwenye kona iliyofichwa nyuma ya kochi, acha ikauke kabisa, ndipo uamue. Kama spiriti imeacha kivuli kwenye kona hiyo, rudi kwenye maji na brashi peke yake, na ukubali kwamba matone mengine yatatoka nusu.